Neno unalolijua, maana usiyoitarajia: namna ya kujibu maswali ya msamiati katika ufahamu

Katika karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne kuna swali ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, kana kwamba ni alama za bure: "Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari uliyosoma." Wakiona neno gumu wanatulia na kulifikiria. Wakiona neno jepesi, kama *pata*, *tunga* au *paa*, wanaandika maana iliyowajia kwanza na kusonga mbele. Hapo ndipo alama zinapopotea. Mtungaji wa mtihani hana sababu ya kumuuliza kijana wa miaka kumi na saba maana ya *pata*, isipokuwa neno hilo limetumika kwa maana nyingine ndani ya habari. Wepesi wa neno uwe ishara ya kwanza kwako kwamba kuna jambo.

Nafundisha Kiswahili hapa Mwanza, na kwa sehemu kubwa wanafunzi wangu ni watoto wa watu wa ziwani: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mama wanaokaanga samaki Kirumba. Kwa hiyo habari ninazowatungia zinatoka huko huko. Nitatumia moja hapa, tuifanyie kazi neno kwa neno. Isome mara moja yote kabla ya kuendelea.

> Siku hiyo mitumbwi ilichelewa kurudi mwaloni, na iliyorudi haikuwa na samaki wengi. Bibi alinunua sato wachache, akaketi juu ya jiwe kuwapaa. Kisu chake kilikuwa kimekaa siku nyingi bila kunolewa, hakikupata. Kila alipokisukuma kiliteleza juu ya magamba. Pembeni yake mjukuu wake alikuwa akitunga samaki waliokwisha kusafishwa kwenye kamba, na kila akimaliza anapiga fundo mwishoni. "Bibi, nipe nikunolee," alisema kijana. Bibi hakujibu wala hakumtazama. Tangu juzi alikuwa na fundo juu yake, kwa kuwa aliuza mshipi wa marehemu babu yake, pamoja na ndoana zake zote, bila kuomba ruhusa. Kijana akachukua kisu taratibu, akakinoa, akakirudisha mkononi mwa bibi. "Ukoo wetu hauna ila," hatimaye bibi alisema, "ila wewe unataka kuuletea."

Maneno sita ndiyo yanayoulizwa: *kuwapaa*, *hakikupata*, *akitunga*, *fundo* la pili, *mshipi* na *ila* ya kwanza. Hakuna hata moja ambalo mwanafunzi wa sekondari hajawahi kulisikia.

Hatua ya kwanza: weka maana uliyoizoea, uone inakwama wapi

Usianze kwa kutafuta maana mpya. Anza na ile ya zamani, uiingize katika sentensi, usome sentensi nzima. Ukiona inakwama, tazama ni kitu gani hasa kilichoikwamisha, kwa sababu hicho ndicho kitakachokupeleka kwenye jibu.

Tuchukue *mshipi*. Maana iliyozoeleka ni mkanda wa kufungia kiunoni. Soma: "aliuza mkanda wa marehemu babu yake, pamoja na ndoana zake zote." Sentensi haijavunjika moja kwa moja, lakini ndoana za mkanda ni zipi? Zile *zake* katika "ndoana zake" zinaweza kuwa za babu au za mshipi, na kwa vyovyote vile mkanda wa kiunoni hauna kazi na ndoana. Kilichokwamisha ni ndoana. Basi mshipi huu ni wa kuvulia: uzi mrefu wenye ndoana mwishoni. Mtoto aliyekulia Igombe au visiwa vya Ukerewe atasema hili halihitaji hatua zozote, maana kwao kuvua kwa mshipi ni jambo la kila siku. Lakini mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, na siku nyingine atakutana na neno la wafugaji au la wakulima wa minazi, naye atakuwa mgeni. Hatua zimewekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Hatua ya pili: kama ni nomino, sikiliza upatanisho

Hii ndiyo zawadi ambayo Kiswahili kinampa msomaji, na nashangaa jinsi inavyosahaulika mara tu tunapotoka kwenye kipindi cha sarufi. Wanafunzi wanaweza kukutajia ngeli zote kwa mpangilio, lakini wakifika kwenye ufahamu hawazitumii.

Tazama sentensi hizi mbili:

Kima kilipanda mwaka ule hadi maji yakaingia kwenye nyumba za mwaloni.
Kima alipanda juu ya mwamba akatulia.

Nomino ni ileile, kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni *ki-* na *a-*. Katika ya kwanza, kima ni kiasi au kipimo cha kina cha maji. Watu wa Mwanza wanaukumbuka mwaka 2020, Ziwa Viktoria lilipojaa kupita kawaida. Katika ya pili kima ni mnyama jamii ya nyani, na hapa mjini si jambo la ajabu kuona wanyama juu ya mawe. Tena angalia kwamba *panda* nayo imegeuka: kilipanda ni kiliongezeka, alipanda ni alikwea. Silabi moja imekuamulia maana za maneno mawili. Na ukikuta "nyama ya kima", hapo si kiasi wala mnyama wa porini, ni nyama iliyosagwa.

Kwa hiyo ukiulizwa maana ya nomino, usitazame nomino yenyewe kwanza. Tazama kilichopatana nayo: kiambishi cha mwanzo cha kitenzi, kivumishi, kionyeshi, na lile neno dogo la umilikishi linaloifuata. "Paa la" si sawa na "paa wa": la kwanza ni la nyumba, la pili ni mnyama. "Mbuzi huyu" anakula majani, "mbuzi hii" inakunia nazi. "Kaa huyo" anatambaa mchangani, "kaa hilo" litakuunguza. Kiumbe hai hupatana kwa *a-/wa-* hata kama jina lake lina sura ya ngeli nyingine, na hilo peke yake linatenga maana nyingi.

Katika habari yetu, neno linalofaidika na jicho hili la kisarufi ni *ila*. Limetokea mara mbili katika kauli moja. Mwanafunzi aliyezoea *ila* ya kuunganisha, yenye maana ya isipokuwa au lakini, ataandika "lakini" na kuendelea. Sasa soma tena: "Ukoo wetu hauna ila." Kitu kinachokuja baada ya *hauna* lazima kiwe kitu, yaani nomino. Mtu hana mali, hana watoto, hana shida. Huwezi kukosa kuwa na "lakini". Kwa hiyo *ila* ya kwanza ni nomino. Ni nomino ya namna gani? Bibi anausifu ukoo kwa kukosa kitu hicho, halafu anamlaumu kijana kwamba anataka kuuletea. Ni kitu kibaya, cha kuchafua jina. Jibu: dosari, kasoro au aibu. *Ila* ya pili, iliyokaa mwanzo wa sentensi nyingine kabla ya *wewe*, ndiyo ile kiunganishi tunayoijua.

Wapo wanafunzi walioniuliza kama haifai kuwa "ukoo wetu hauna, ila wewe..." yaani bibi alikatisha maneno. Ndiyo maana mkato una thamani. Mkato umewekwa baada ya *ila*, na alama za kufunga usemi pia. Ukisoma kwa sauti kwa kufuata alama za uandishi, hutakosea.

Hatua ya tatu: kama ni kitenzi, uliza nani anatenda na nani anatendwa

Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mambo mengi ndani yake, kwa hiyo kivunje. Andika viambishi vyake kando kando kwenye karatasi ya rafu. *Kuwapaa* ni ku-wa-paa. *Hakikupata* ni ha-ki-ku-pata. Kisha tafuta mambo mawili tu: mtenda ni nani, na je, kuna mtendwa?

Nimeweka vitenzi hivi viwili katika habari moja kwa makusudi, kwa sababu kimoja ni kinyume cha kingine.

*Paa* uliyoizoea ni ile ya ndege kwenda juu, au moshi kupanda angani. Kitenzi hicho hakina mtendwa. Ndege anapaa, basi, hampai mtu. Lakini katika *kuwapaa* kuna *-wa-* katikati. Bibi anawapaa wao. Wao ni nani? Rudi nyuma kidogo: sato wachache. Basi hapa *paa* ni jambo ambalo mtu anamfanyia samaki, akiwa ameketi juu ya jiwe, ana kisu, na sentensi inayofuata inataja magamba. Kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Wengine husema kupara, na ukipita Mwaloni Kirumba asubuhi utawaona mama wakiifanya kazi hiyo kwa kasi inayoshangaza, magamba yakiruka kila upande.

Sasa *pata*. *Pata* uliyoizoea inadai mtendwa. Mtu anapata kazi, anapata homa, anapata alama tisini. Ukisema "alipata" ukanyamaza, msikilizaji anasubiri: alipata nini? Katika habari yetu, kisu *hakikupata*, halafu nukta. Hakuna kitu kilichokosekana. Na mtenda si mtu, ni kisu. Hapo alama mbili zinawaka kwa pamoja: kitenzi kimekosa mtendwa kinayemtaka siku zote, na mtenda si wa kawaida. *Pata* ya kisu, panga, shoka au wembe ni kuwa na makali, kukata vizuri. Kisu kisichopata ni kisu butu.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia matumizi haya anaweza kufika pale pale kwa kusoma pande zote mbili za neno. Kabla yake tunaambiwa kisu kilikaa siku nyingi bila kunolewa. Hiyo ni sababu. Baada yake tunaambiwa kiliteleza juu ya magamba. Hayo ni matokeo. Kisu ambacho hakijanolewa na kinateleza, kina hali gani? Hakikati. Hili la kutafuta sababu nyuma na matokeo mbele napenda walizoee kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu linafanya kazi hata pale ambapo sarufi imenyamaza.

*Akitunga* nitaipita haraka. Kutunga kuliko karibu na mwanafunzi ni kutunga shairi, hadithi au sentensi. Mtendwa hapa ni samaki na mahali ni kwenye kamba. Samaki hawatungwi kama shairi; wanatungwa kama shanga, kwa kupitishiwa kamba mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana samaki waliofungwa pamoja huitwa mtungo.

Sarufi inaponyamaza

Njia ya upatanisho ina mpaka wake, na ni vema kuujua kabla haijakuangusha. Yapo maneno ambayo maana zake zote zimo katika ngeli moja. Neno *ziwa* lenyewe, ambalo sisi wa Mwanza tunalitamka kutwa mara nyingi, lina maana nyingine ya titi. "Ziwa hili" la maji na "ziwa hili" la mama vinapatana sawasawa kwa *li-/ya-*. Ukisoma kwamba watu fulani "walinyonya ziwa moja", ngeli haikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni *walinyonya*.

*Fundo* ni la kundi hili. Fundo la kamba, fundo la mguu, yaani kile kifundo karibu na kisigino, na fundo la moyoni, yote ni *li-/ya-*. Na katika habari yetu limetumika mara mbili, jambo ambalo mtungaji anaweza kulifanya ili akupime. Mara ya kwanza kijana "anapiga fundo" mwishoni mwa kamba, maana ya kawaida kabisa. Mara ya pili bibi "alikuwa na fundo juu yake". Swali limeuliza la pili, na mwanafunzi asiye makini hujibu la kwanza kwa sababu ndilo alilokutana nalo mapema. Kabla ya kujibu neno lolote, pitisha kidole katika habari nzima uone limetokea mara ngapi, na swali linalenga wapi.

Tuseme sasa swali limekuja kwa mtindo wa kuchagua:

Neno *fundo* katika "alikuwa na fundo juu yake" lina maana ya:
A. kifungo cha kamba
B. huzuni
C. kinyongo
D. upendo

A ni chambo cha maana ya kawaida. D ni kinyume, imewekwa kwa asiyesoma. Ubishi uko kati ya B na C. Darasani kijana mmoja aliwahi kunibana sana: "Mwalimu, mbona huzuni nayo inaingia? *Alikuwa na huzuni juu yake.* Bibi kafiwa na mume, kauziwa kumbukumbu, lazima atahuzunika." Hoja yake ilikuwa nzuri na sikutaka kuizima kwa kusema tu kwamba jibu ni C. Nilimwambia arudi kwenye habari atafute bibi *anafanya nini*. Akasoma: hakujibu, wala hakumtazama. Nikamuuliza, mtu mwenye huzuni tu juu ya mjukuu wake, akiulizwa kwa upole, atakataa hata kumtazama? Halafu akasoma sababu: aliuza bila kuomba ruhusa. Hilo ni kosa alilotendewa na mtu anayemjua. Huzuni haihitaji mkosaji, kinyongo lazima kiwe na mtu. Na maneno "juu yake" yanamwelekea mkosaji huyo.

Kwa hiyo neno kuingia katika pengo hakutoshi. Mtungaji mzuri huchagua chaguo moja linaloingia vizuri kwenye sentensi lakini haliungwi mkono na sentensi za jirani. Ukibaki na mawili, acha kuyalinganisha yenyewe kwa yenyewe. Rudi kwenye habari utafute kitendo au sababu inayokubali moja na kukataa jingine.

Hatua ya nne: andika jibu lenye umbo lile lile

Hapa ndipo mwanafunzi aliyeelewa kila kitu anapoweza bado kupoteza alama. Jibu linatakiwa liweze kukaa mahali pa neno lililoulizwa bila sentensi kuharibika. Nomino ijibiwe kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi, cha wakati uleule na hali ileile ya kukubali au kukanusha.

Kwa *hakikupata*, jibu zuri ni "hakikukata vizuri" au "hakikuwa na makali". Wapo wanaoandika "butu". Wameelewa, lakini jaribu kuliweka: "Kisu chake kilikuwa kimekaa siku nyingi bila kunolewa, butu." Linayumba. Wapo pia wanaoandika "kukata", wakiwa wamesahau *ha-* iliyo mbele. Jibu hilo limegeuka kuwa kinyume cha maana.

Kwa *kuwapaa*, andika "kuwaondoa magamba". Kwa *akitunga*, "akiwapitisha kwenye kamba", ukiona inaleta utata andika "akiwaunganisha kwa kamba". Kwa *fundo*, "kinyongo" au "chuki iliyofichwa moyoni". Kwa *mshipi*, "uzi wa kuvulia samaki". Kwa *ila*, "dosari".

Makosa mawili zaidi nayaona kila mara ninaposahihisha. La kwanza ni kueleza habari badala ya neno. Kwa *fundo* mwanafunzi anaandika "bibi alikasirika kwa sababu mjukuu aliuza mshipi". Hayo ni kweli, ila swali halikuuliza kwa nini bibi alikasirika. La pili ni kuandika maana tatu kwa mkupuo, zikitengwa kwa mkwaju, kwa matumaini kwamba mojawapo itaangukia: "fundo: kifungo / kinyongo / huzuni". Mimi huwa siipi alama hiyo, maana mwandishi wake ameniachia mimi kazi ya kuchagua. Chagua moja, simama nayo.

Jibu likishaandikwa, fanya jaribio la mwisho: soma sentensi ya habari kwa sauti ya chini ukiwa umeweka jibu lako mahali pa neno, kisha endelea kusoma sentensi inayofuata bila kusimama. Usiishie kwenye sentensi moja. Jibu lisilo sahihi mara nyingi hupita kwenye sentensi yake na kukwama kwenye inayofuata.

Kamusi itumike vipi nyumbani

Siku ya mtihani hakuna kamusi, lakini nyumbani iwepo. Tatizo ni kwamba wengi huifungua, wakaona maana ya kwanza, wakaifunga. Kamusi zetu nyingi huandika maneno yanayofanana umbo kama maneno tofauti, yakiwa na vinamba vidogo juu yake: paa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Soma yote. Kisha tazama vifupisho: *nm* ni nomino, *kt* ni kitenzi. Baadhi ya kamusi huweka mbele ya nomino mabano yenye ngeli, kama [li-/ya-] au [a-/wa-], na mbele ya kitenzi huweka [ele] kwa kitenzi elekezi, yaani chenye mtendwa, na [sie] kwa kisicho elekezi. Ni yale yale tuliyoyafanya katika hatua ya pili na ya tatu. Mwanafunzi akizoea kusoma mabano hayo, anaanza kuona kwamba maana na sarufi huja pamoja.

Mzazi asiyekuwa na kamusi anaweza kusaidia kwa namna nyingine. Kazi za mikono zimehifadhi maana hizi vizuri kuliko vitabu vya darasani. Fundi seremala, mvuvi, mpishi na mkulima wanatumia *pata*, *paa*, *tunga* na *mshipi* bila kufikiri. Mtoto akisikia neno analolijua likitumika kwa namna asiyoijua, aulize papo hapo, "Shikamoo babu, hapo umesema kisu hakipati, maana yake nini?" Wazee hufurahi kuulizwa hivyo. Tahadhari moja tu: maana za mtaani na za vijana, kama *kamba* kwa maana ya uongo, zijulikane, lakini zisiandikwe kwenye jibu kama habari haijaandikwa kwa lugha hiyo.

Sentensi za kujipima

Funika majibu yaliyo chini. Maneno yanayoulizwa ni *aliandikwa*, *walichuma*, *waliota*, na *kata* katika sentensi mbili za mwisho. Kwa kila sentensi, sema kwanza kilichokuonyesha maana, ndipo useme maana.

1. Baada ya miezi miwili ya kuzunguka, kijana aliandikwa kazi katika kiwanda cha minofu ya samaki.
2. Ndugu wale walichuma mali nyingi kwa biashara ya dagaa.
3. Usiku wavuvi waliota moto wakisubiri upepo utulie.
4. Alichovya kata mtungini, akanywa, akairudisha mahali pake.
5. Ndoo ilimuumiza utosini kwa sababu alisahau kata nyumbani.

Ya kwanza, aliandikwa ni aliajiriwa: mtu ndiye anayeandikwa, na kinachofuata ni kazi. Ya pili, walichuma ni walipata kwa juhudi yao: mtendwa ni mali, si matunda. Ya tatu, waliota ni walijipasha joto, na *moto* ndio umeamua. Kama ingekuwa *ndoto*, maana ingerudi kwenye ile ya usingizini.

Ya nne na ya tano ndizo nilizozitaka hasa. Kata ya serikali za mitaa, kata ya kuchotea maji na kata ya kuwekea mzigo kichwani zote hupatana kwa *i-/zi-*, na tena kuna kitenzi *kata* pembeni. Sarufi inakusaidia kuondoa kitenzi tu, basi. Katika ya nne kilichobaki ni *alichovya* na *mtungini*: ni chombo chenye mpini cha kuchotea maji, aghalabu cha kifuu au kibuyu. Katika ya tano ni *ndoo* na *utosini*: ni ngata, kile kitambaa au majani yaliyoviringwa kama duara ili mzigo ukae vizuri kichwani. Mwanafunzi aliyejibu ya tano kwa kuangalia ya nne, akaandika tena chombo cha maji kwa sababu ya ile ndoo, ameshikwa na jirani mmoja na kumsahau mwingine. Arudi kwenye *utosini*, ajiulize ni kitu gani mtu akikisahau nyumbani kichwa kinauma.